Kupinga Wosia Mahakamani: Akili Timamu, Shinikizo na Ushahidi wa Siku ya Sahihi

Wosia unapopingwa nchini Kenya kwa madai kwamba marehemu hakuwa na akili timamu au kwamba alishinikizwa, mahakama haianzi kwa kuuliza kama mali iligawanywa kwa haki. Huuliza marehemu alikuwa katika hali gani siku ile, hata saa ile, alipotia sahihi. Kesi nyingi za namna hii hushindwa kwa sababu walalamikaji huja na uchungu wa kunyimwa, lakini hawana ushahidi wa siku hiyo.

Sheria inayoongoza ni Sheria ya Urithi, Sura ya 160. Kifungu cha 5 kinamruhusu mtu mzima mwenye akili timamu kuandika wosia na kugawa mali yake. Kinachukulia pia kwamba kila anayeandika wosia ana akili timamu, isipokuwa awe, wakati wa kuutia sahihi, katika hali ya kutojua anachofanya, iwe ni kwa ugonjwa wa akili au wa mwili, kwa ulevi, au kwa sababu nyingine yoyote. Anayedai kwamba akili haikuwa timamu ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha. Kifungu cha 7 kinashughulikia jambo tofauti: wosia uliotokana na ulaghai, nguvu, kosa, au usumbufu uliokithiri hadi kumpokonya mtu hiari yake, ni batili. Ikiwa sehemu moja tu ya wosia ndiyo iliyopatikana kwa njia hiyo, sehemu hiyo ndiyo inayoanguka.

Madai haya mawili huchanganywa mara kwa mara katika hati za kiapo, na hilo huharibu kesi. Katika dai la kwanza, mzee hakuelewa. Katika la pili alielewa vizuri kabisa, ila mapenzi yaliyoandikwa si yake. Yanaweza kuletwa pamoja kama njia mbadala, lakini kila moja lina ushahidi wake.

Kipimo cha akili timamu ambacho mahakama za Kenya hukitumia hadi leo kilitoka Uingereza mwaka 1870, katika kesi ya Banks dhidi ya Goodfellow. John Banks aliwahi kulazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili mwaka 1841. Kwa miaka mingi aliamini kwamba anaandamwa na pepo wabaya na mtu aitwaye Featherstone Alexander, ambaye alikuwa amekwisha kufa. Hata hivyo alisimamia fedha zake mwenyewe, na mwaka 1863 akamwachia nyumba zake kumi na tano mpwa wake Margaret Goodfellow, aliyekuwa akiishi naye. Banks alifariki mwaka 1865, na wosia wake ukapingwa. Mahakama iliuthibitisha. Hoja yake ilikuwa kwamba ndoto za Banks kuhusu Alexander hazikugusa kabisa uamuzi wake wa nani arithi.

Kutokana na kesi hiyo, mtoa wosia anatakiwa aelewe kwamba anagawa mali itakayochukuliwa baada ya kifo chake, ajue kwa ujumla ana mali gani, na awakumbuke watu wanaostahili kufikiriwa, hata kama ataamua kuwanyima. Zaidi ya hayo, pasiwe na ugonjwa wa akili uliopotosha hisia zake na kumfanya agawe kwa namna ambayo asingegawa akiwa mzima. Kwa hiyo uzee peke yake hautoshi kubatilisha wosia, wala kusahau majina ya wajukuu, wala kutembelea kiti cha magurudumu. Mtu aliyeanza kupoteza kumbukumbu anaweza kuwa na asubuhi ya utulivu ambamo anaelewa kila kitu, na wosia uliotiwa sahihi asubuhi hiyo ukasimama. Kwa upande mwingine, mtu mwenye akili kali aliyepewa dawa nzito ya maumivu anaweza kukosa uwezo kwa saa kadhaa tu, na wosia wa saa hizo ukaanguka.

Mfano ufuatao ni wa kubuni, lakini kila kilichomo huonekana katika mafaili ya mirathi. Mzee mjane wa miaka 84 ana watoto watano na shamba la ekari nane. Anapatwa na kiharusi, na mwanawe mmoja anamchukua kuishi naye. Baada ya miezi michache mzee analazwa. Mwana anampigia wakili simu na kumweleza jinsi shamba litakavyogawanywa. Wakili anaandaa wosia kwa Kiingereza, anaufikisha wodini, mzee anaweka dole gumba, na mashahidi wawili, wote marafiki wa mwana huyo, wanatia sahihi. Mwana anapewa ekari sita. Binti mmoja hatajwi kabisa, ilhali kiwanja kilichouzwa miaka mingi nyuma kinatajwa kana kwamba bado ni cha mzee.

Kwa sura yake wosia huo umekamilika. Kifungu cha 11 kinataka sahihi au alama ya mtoa wosia na mashahidi wasiopungua wawili, na wote wapo. Lakini ndugu wakipata nakala ya faili la hospitali, mambo hubadilika. Karatasi za wauguzi zinaonyesha kwamba asubuhi hiyo mgonjwa hakujua yuko wapi wala ni siku gani, na chati ya dawa inaonyesha alidungwa mofini saa mbili kabla ya kuweka dole. Maandishi haya yana uzito kuliko kauli ya ndugu yeyote, kwa sababu yaliandikwa siku ileile na watu wasio na maslahi katika shamba. Ripoti ya daktari anayeajiriwa miaka miwili baadaye kusoma faili nayo husaidia, ila haiwezi kuchukua nafasi yake.

Wosia wenyewe pia unatoa ushahidi. Kiwanja kilichouzwa kinaashiria kwamba mzee hakukumbuka mali yake, au hakusomewa. Binti aliyeachwa bila neno lolote la kueleza sababu anaibua swali kama mzee aliwafikiria watoto wake wote. Lugha nayo ni tatizo: kama mzee hakujua Kiingereza, ni nani aliyemfasiria, na mbele ya nani? Wakili atahojiwa kama alimwona mzee peke yake na kama aliandika kumbukumbu za mazungumzo yao. Mawakili makini hufuata desturi ambayo majaji wa Uingereza waliisisitiza tangu miaka ya 1970: mteja akiwa mzee sana au mgonjwa sana, daktari amwone, athibitishe kwamba anaelewa, na ikiwezekana awe shahidi. Katika mfano huu hilo halikufanyika.

Jambo zito zaidi ni kwamba mwana anayefaidika ndiye aliyetoa maagizo kwa wakili. Mahakama inapoona hali ya kutiliwa shaka kama hii, haimwachii mpingaji mzigo wote. Humtaka aliyeleta wosia aondoe shaka hiyo na aonyeshe kwamba marehemu alijua na kuyakubali yaliyomo. Kanuni hiyo imeokoa familia nyingi ambazo hazikuwa na shahidi hata mmoja wa yaliyotendeka chumbani.

Shinikizo ni gumu zaidi kuthibitisha, na ni vyema hilo lisemwe wazi. Kubembeleza si shinikizo. Mtoto anaweza kumwomba mzazi, akamkumbusha jinsi alivyomuuguza, akalia mbele yake, na mzazi akakubali kwa huruma. Wosia huo unasimama. Sheria inagusa pale hiari inapovunjwa: mtu anatishiwa kuachwa bila chakula wala dawa, au anasumbuliwa usiku na mchana hadi anatia sahihi ili apate amani. Nguvu inayohitajika hupimwa kwa hali ya mtu. Maneno ambayo mtu mwenye afya angeyapuuza yanaweza kumvunja mgonjwa asiyeweza kuinuka kitandani.

Kwa kuwa mambo hayo hutendwa faraghani, ushahidi wake hukusanywa vipande vipande. Je, mwana ndiye aliyeshika simu, kitambulisho na kadi ya benki ya mzee? Je, ndugu wengine walizuiwa mlangoni? Je, wakili wa zamani wa familia aliachwa na mwingine akatafutwa ghafla? Je, wosia unakwenda kinyume na yale mzee aliyokuwa akiyasema mbele ya ukoo kwa miaka mingi? Kila jibu peke yake ni dogo, na mahakama haimtii mtu hatiani kwa sababu tu alikuwa na nafasi ya kushinikiza. Lakini yakikusanyika na kuelekea upande mmoja, jaji anaweza kuridhika.

Kabla ya kupinga, familia inapaswa kujiuliza wosia ukianguka nini kitafuata. Kama kuna wosia wa awali ulio halali, huo ndio utakaofufuka, na huenda ukamnyima mpingaji zaidi. Kama hakuna, mali itagawanywa kama ya mtu aliyekufa bila wosia, na watoto watapata sawa kwa sawa. Waislamu wana njia yao: mirathi yao hufuata sheria ya Kiislamu, ambayo hairuhusu wosia kuvuka thuluthi ya mali.

Ombi la kuthibitisha wosia likiwasilishwa, tangazo hutolewa katika gazeti rasmi la serikali, na kwa kawaida huwapa watu siku 30 za kuweka pingamizi mahakamani. Mpingaji kisha huwasilisha majibu pamoja na ombi lake mwenyewe. Kama hati ya usimamizi imekwisha kutolewa, njia iliyobaki ni kuomba ifutwe chini ya kifungu cha 76. Kifungu hicho hakiweki mwisho wa muda, lakini kuchelewa kuna gharama yake: shamba likiwa limekwisha kuuzwa kwa mnunuzi asiye na hatia, kifungu cha 93 kinamlinda mnunuzi huyo.

Kuna pia mlango ambao wengi hawaujui. Mke, mume au mtoto aliyenyimwa anaweza kuomba chini ya kifungu cha 26 mahakama imtengee fungu la kutosha, bila kudai kwamba marehemu alikuwa na kasoro ya akili wala kumtuhumu ndugu. Kwa yule binti asiyetajwa, njia hii huwa fupi na haivunji udugu kama ile nyingine. Lakini ina mpaka mkali. Hati ya usimamizi kwa kawaida huthibitishwa miezi sita baada ya kutolewa, na ikishathibitishwa ombi la kifungu cha 26 halipokelewi tena. Anayeliweka afanye hivyo ndani ya miezi hiyo, na anayetaka kupinga wosia wenyewe aanze kwa kuomba nakala ya faili la hospitali.