Maombi ya Kazi Yanayopelekwa kwa Anwani ya Jumla ya Kampuni

Mara nyingi mtafuta kazi huijua kampuni anayotaka kuitumikia, lakini hampati mtu wa kumwandikia. Tovuti ya kampuni ina namba ya simu ya mapokezi na anwani moja ya barua pepe inayoanza na info@, wala hakuna jina la afisa anayeshughulikia ajira. Wengi hutuma maombi yao huko, wakangoja wiki kadhaa bila jibu, na wengine katika kungoja huko huangukia mikononi mwa tapeli anayejibu upesi kuliko mwajiri. Katika makala haya tunaeleza namna ya kuandika barua itakayotoka katika anwani hiyo na kumfikia mhusika, na namna ya kulipima jibu litakalokuja.

Jambo la kwanza ni kumfahamu msomaji. Anwani ya jumla kwa kawaida hufunguliwa na karani wa mapokezi au katibu muhtasi, ambaye hana mamlaka ya kuajiri. Kwenye orodha yake zimo ankara, maswali ya wateja, matangazo ya wauzaji na maombi ya kazi. Kwa kila barua huamua jambo moja tu: aipeleke kwa nani, au aiache. Kwa hiyo barua yako haina budi kumwezesha kuamua hayo kabla hata hajaifungua.

Katika orodha hiyo karani huona jina la mtumaji, mada ya barua na maneno machache ya mwanzo. Hapo ndipo desturi yetu ya uandishi inapotuponza. Wengi huandika mada "Maombi ya kazi", kisha huanza kwa maneno tuliyofundishwa shuleni, "Husika na kichwa cha habari hapo juu". Katika barua ya karatasi maneno hayo hayana madhara. Katika orodha ya barua pepe yanajaza nafasi ambayo karani angeona wewe ni fundi gani na barua ni ya idara ipi.

Tuchukue mfano wa kijana wa Morogoro, fundi wa majokofu, ambaye amesoma kwamba kampuni fulani ya kuhifadhi mboga imefungua ghala jipya mjini kwao. Hakuna tangazo la kazi, wala jina la afisa. Barua yake inaweza kuwa hivi:

Mada: Fundi majokofu, Morogoro: kwa Idara ya Rasilimali Watu

"Ndugu Mhusika,

Naomba barua hii ifikishwe kwa Meneja Rasilimali Watu au kwa mkuu wa ufundi. Mimi ni fundi wa majokofu na viyoyozi, mwenye cheti cha VETA ngazi ya tatu na uzoefu wa miaka minne wa kuhudumia vyumba vya ubaridi. Nimesoma katika tovuti yenu kwamba mmefungua ghala Morogoro, mahali ninapoishi. Naomba kufikiriwa iwapo ipo nafasi sasa au itakayotokea baadaye. Wasifu wangu wa kurasa mbili umeambatishwa. Iwapo maombi hupokelewa kwa anwani nyingine, nitashukuru kuelekezwa."

Baada ya hapo huweka jina lake kamili na namba ya simu. Sentensi ya kwanza inampa karani kazi iliyo ndani ya uwezo wake, na ya mwisho inampa njia ya kujibu hata kama nafasi haipo. Kutaja ghala la Morogoro kunaonyesha kwamba barua imeandikiwa kampuni hiyo pekee. Anayeweka anwani za kampuni arobaini katika mstari mmoja huonekana na zote arobaini, na barua yake huchukuliwa kama tangazo.

Kuhusu viambatisho, tunashauri utume wasifu peke yake, katika faili moja la PDF lenye jina lako na kazi yako. Picha za vyeti zilizopigwa kwa simu huwa nzito. Gmail ya kawaida haitumi kiambatisho kinachozidi MB 25, na seva za kampuni nyingi huweka kikomo kilicho chini ya hapo. Lakini sababu kubwa zaidi ni usalama wako. Anwani ya jumla husomwa na watu kadhaa usiowajua. Nakala ya kitambulisho cha NIDA, namba ya akaunti ya benki na vyeti halisi ni vitu vya kumkabidhi mwajiri aliyekwisha kukuita na ambaye umemthibitisha.

Ukishatuma, angalia kama barua imerudi. Ujumbe wenye maneno "Address not found" maana yake ni kwamba anwani ina kosa au haipo tena. Katika hali hiyo kungoja hakuna faida. Ujumbe wa papo hapo unaosema barua imepokelewa hutumwa na mashine, na hauthibitishi kwamba mtu ameisoma.

Siku 7 hadi 10 za kazi zikipita kimya, piga simu ya mapokezi. Usiulize kama kuna kazi, kwa kuwa jibu rahisi ni "hapana". Uliza hivi: "Samahani, nilituma maombi ya ufundi majokofu kwa anwani yenu ya jumla tarehe fulani. Yanapaswa kupelekwa idara gani, na kwa anwani ipi?" Ukipewa anwani ya idara, umeipata njia uliyoikosa mwanzoni. Ukiambiwa yatafutwe, tuma ukumbusho mmoja kwa kuijibu barua yako ya kwanza, ili ile ya zamani ionekane chini yake. Baada ya ukumbusho huo, elekeza nguvu kwingine.

Linabaki jibu lenyewe. Tuseme fundi wetu aliandika kwa info@mfano.co.tz, kisha akajibiwa kutoka mfano.ajira@gmail.com kwamba amechaguliwa bila usaili na atume shilingi 30,000 za vipimo vya afya kwa namba ya simu ya mtu binafsi. Kwanza atazame sehemu inayofuata alama ya @: haifanani na ile aliyoandikia. Kasoro hiyo peke yake si ushahidi kamili, kwa sababu zipo kampuni ndogo zinazotumia Gmail. Lakini ikiambatana na madai ya fedha, asitume kitu. Apige simu kwa namba iliyo katika tovuti au kwenye bango la ofisi, asitumie namba iliyo ndani ya jibu, aulize kama barua hiyo ni yao.

Ikithibitika kuwa ni utapeli, namba iliyotumika iripotiwe kwa ujumbe mfupi kwenda 15040, ambayo TCRA imeiweka kwa kazi hiyo, na aliyekwisha kutuma fedha awasiliane mara moja na mtandao wake wa simu, kisha aripoti polisi. Asiufute ujumbe wowote, kwani tarehe, anwani na namba ya muamala ndivyo vitakavyohitajika.