Kujua Ulipo Skrini Inapozimika Baharini

Chombo cha mita 12 kimetoka Pangani kwenda Mkoani, Pemba, na kifaa cha setilaiti kinazimika saa 2:00 asubuhi. Kabla ya kuhangaika na nyaya, nahodha aandike saa hiyo na mahali pa mwisho alipokuwa na hakika napo, kisha apatie nukta kwenye ramani ya bahari. Hesabu yote itaanzia hapo.

Anashika mashariki, nyuzi 90 za dira. Simu, kisu na spika ya redio vikae mbali na dira, maana chuma na sumaku huvuta sindano. Dira ikikosea nyuzi 6 tu, kila maili 10 za safari chombo huwa kimetoka njiani kwa maili 1.

Mwendo unapimwa kwa kipande cha mti. Mmoja anakitupa majini kwenye omo, mwingine anahesabu sekunde mpaka kifike tezi. Urefu wa chombo kwa mita uzidishwe kwa 2, ugawanywe kwa sekunde hizo. Zikiwa sekunde 4, mita 12 zinatoa 24, na 24 kwa 4 ni noti 6, yaani maili 6 za baharini kwa saa. Ikifika saa 5:00 zimepita saa 3, kwa hiyo anapima maili 18 mashariki ya nukta yake.

Lakini hapo sipo alipo. Kipande cha mti kinapima mwendo wa chombo juu ya maji, na maji yenyewe yanasafiri. Mkondo wa pwani yetu huelekea kaskazini, na wakati wa kusi hupata nguvu zaidi. Ukiwa wa noti 2, kwa saa 3 umeshamsukuma maili 6 kaskazini. Asiposahihisha, atatokea upande wa Chake Chake na miamba ya Misali badala ya Mkoani.

Dawa ni kuelekeza omo kusini kidogo, karibu nyuzi 110, ili mkondo urudishe chombo kwenye mstari. Nguvu ya mkondo ndiyo sehemu ngumu kuliko zote. Nahodha makini huichunguza kifaa kingali hai, kwa kulinganisha njia kinayoonyesha na ile ya dira na kipande cha mti. Tofauti kubwa kati yake ndiyo mkondo, na kama kuna tanga, upepo nao umo.

Kila saa makosa yanaongezeka, kwa hiyo nukta ya saa 5:00 ichukuliwe kuwa duara la maili kadhaa. Bildi haisaidii katikati ya mlango wa Pemba, kina ni kirefu mno. Ikigusa chini, ujue miamba i karibu. Ndiyo maana mimi ningelenga maili chache kusini ya Mkoani, nikikaa nje ya miamba. Nchi ikionekana, hakuna kubahatisha: bandari iko kushoto, na mkondo unakwenda huko huko.