Nusu Bendi na Shahada ya Pili: Kanada Inavyohesabu Alama za Ukaazi

Tumchukue mhasibu wa kubuni, tumwite Neema, mkazi wa Dar es Salaam. Ana miaka 32, hajaolewa, ana shahada ya kwanza, na amefanya kazi ya uhasibu kwa miaka sita mfululizo. Amefanya mtihani wa Kiingereza wa IELTS akapata 7.5 kusikiliza, 7.0 kusoma, 6.5 kuandika na 7.0 kuzungumza. Kwa mtu aliyejifunzia Kiingereza darasani hayo ni matokeo ya kujivunia. Lakini kwenye hesabu ya ukaazi wa kudumu wa Kanada yamemnyima alama 53, na zote zimefichwa ndani ya nusu bendi mbili.

Kanada ndiyo iliyoanza kuchagua wahamiaji kwa alama, mwaka 1967. Australia na New Zealand zikafuata baadaye. Utaratibu unaotumika sasa, Express Entry, ulianza Januari 2015. Mwombaji anajaza wasifu wake mtandaoni, anapewa alama kati ya 0 na 1,200, kisha anasubiri pamoja na maelfu wengine. Kila baada ya muda serikali inatangaza raundi ya mialiko na kuwaita wenye alama za juu. Hakuna alama ya kufaulu iliyopangwa: anayeamua kama zako zinatosha ni huyo aliyesimama mbele yako kwenye foleni.

Tuanze na umri, maana hapo hakuna cha kujadiliana. Mtu asiye na mwenzi anapata alama 110 akiwa kati ya miaka 20 na 29. Akifika 30 zinaanza kupungua tano au sita kila mwaka, na baada ya 40 zinaporomoka kwa 11. Mwenye miaka 45 anapata sifuri. Alama zinashuka siku ya kuzaliwa yenyewe, hata kama wasifu umeshakaa miezi kadhaa ukisubiri. Neema, kwa miaka yake 32, ana 94.

Elimu inampa 120. Shahada ya uzamili ingempa 135 na ya uzamivu 150, lakini jina lililoandikwa kwenye cheti si hoja. Cheti cha nje ya Kanada lazima kipelekwe kwenye taasisi iliyoidhinishwa ili ipime kinalingana na kiwango gani cha Kanada, na alama zinafuata tathmini hiyo, ambayo hudumu miaka mitano. Stashahada uliyoisotea miaka mitatu inaweza kurudi ikiwa imepimwa kuwa ya miaka miwili. Kinachochelewesha wengi ni chuo chenyewe, kwa sababu taasisi nyingi za tathmini zinataka nakala ya matokeo itoke chuoni moja kwa moja, na ofisi za taaluma zetu zina mwendo wao.

Sasa tuje kwenye lugha, ambako ndiko mchezo ulipo. Kanada haihesabu bendi za IELTS kama zilivyo. Inazigeuza kuwa ngazi zake yenyewe, zinazoitwa CLB, na kila stadi kati ya nne inahesabiwa peke yake. Ngazi ya 8 ina alama 23 na ngazi ya 9 ina 31. Kuingia ngazi ya 9 kunahitaji 7.0 katika kusoma, kuandika na kuzungumza, lakini kusikiliza kunadai 8.0. Watu wengi hawalijui hilo mpaka matokeo yametoka. Kusoma na kuzungumza kwa Neema kumefika ngazi ya 9, ila kusikiliza na kuandika kumeishia ya 8. Jumla yake ni 108.

Kuna kipengele kingine ambacho vikokotoo vingi hukitaja chini kabisa, kana kwamba ni nyongeza tu. Lugha inaunganishwa na elimu, kisha inaunganishwa tena na uzoefu wa kazi wa nje ya Kanada, na kila muunganiko unaweza kutoa hadi alama 50. Masharti yake ni makali. Stadi zote nne zikiwa ngazi ya 7 au zaidi, mwenye shahada moja anapata 13 na mwenye uzoefu wa miaka mitatu anapata 25. Stadi zote nne zikifika ngazi ya 9, alama hizo zinakuwa 25 na 50. Stadi moja ikibaki nyuma, inaziburuta nyingine zote.

Kwa hiyo Neema ana 94 za umri, 120 za elimu, 108 za lugha, na 13 na 25 za miunganiko: jumla 360. Akirudia mtihani akapandisha kusikiliza tu mpaka 8.0, anaongeza nane. Akipandisha pia kuandika kutoka 6.5 hadi 7.0, nusu bendi hiyo ya pili inamletea alama 45, kwa kuwa nane ni za lugha yenyewe na 37 zinatokana na miunganiko iliyofunguka. Anafika 413.

Linganisha na shahada ya uzamili, ambayo ndiyo ushauri wa kwanza utakaousikia kwenye kikao chochote cha familia. Kwa mtu aliyefika ngazi ya 9, uzamili unaongeza 15 za elimu na 25 za muunganiko, yaani 40. Lakini akiusomea miaka miwili atakuwa amefikisha 34, na umri utamla 11. Faida inayobaki ni 29, na ada ameshalipa. Nusu bendi ya kuandika imemzidi, na hiyo huletwa na miezi michache ya kuandika barua na insha mbele ya mwalimu mkali. Mtihani wenyewe uwe IELTS ya General Training. Ile ya Academic, ambayo vyuo huitaka, haipokelewi huku. Matokeo hudumu miaka miwili, na hata aliyezaliwa na Kiingereza mdomoni lazima aufanye.

Uzoefu wa kazi una sura ya kushangaza. Kazi iliyofanywa nje ya Kanada inafikia kilele ikishatimiza miaka mitatu. Miaka 20 haina alama hata moja zaidi. Tena miaka inahesabiwa mizima: miwili na miezi 11 ni miwili tu. Kazi yenyewe lazima iwe katika ngazi za juu nne za orodha ya Kanada ya kazi, zile zinazoandikwa TEER 0 hadi 3, na ofisa anatazama majukumu, si cheo.

Hapo ndipo barua ya mwajiri inapowaangusha watu. Barua za kwetu huandikwa kwa heshima: fulani alikuwa nasi tangu mwaka kadha, ni mwaminifu na mchapakazi, tunamtakia kila la heri. Kwa ofisa wa uhamiaji barua hiyo ni kama haipo. Anatafuta cheo, tarehe ya kuanza na kumaliza, saa za kazi kwa wiki, mshahara, na majukumu yaliyotajwa moja moja, kwenye karatasi yenye nembo na saini. Kazi ya muda wote maana yake ni angalau saa 30 kwa wiki, na barua isiyotaja saa inamwachia ofisa akisie. Majukumu nayo yasinakiliwe neno kwa neno kutoka orodha ya Kanada, kwani maofisa wanaijua orodha yao. Wakala anayejitolea kuiandika barua upya na kuiongezea miaka anakuuzia hatari: anayebainika kudanganya hufungiwa miaka mitano.

Kabla ya alama hizo zote kuna mlango mwingine, nao wengi huuchanganya na hesabu ya juu. Mtu wa nje asiye na uzoefu wa Kanada huingia kwa kawaida kupitia mpango wa wafanyakazi wenye ujuzi, ambao una jedwali lake la alama 100 na unadai 67. Neema, kwa matokeo yake ya sasa, anapata 22 za lugha, 21 za elimu, 15 za uzoefu na 12 za umri, jumla 70. Amepita. Mchukue sasa bosi wake mwenye miaka 45, shahada ileile, na ngazi ya 9 katika stadi zote: 24, 21, 15, na umri unampa mbili tu. Hizo ni 62, na mlango umefungwa, hata kama ofisi nzima inajua ndiye mhasibu bora. Mkewe akifanya mtihani wa lugha na kufika ngazi ya 4 tu, familia inaongezewa tano na kugusa 67 kamili. Atakuwa amepita mlangoni, ila kwenye foleni ya ndani umri wake bado ni sifuri.

Nalo lugha ya Kiingereza si pekee. Kifaransa kina uzito sawa, na zaidi. Tumlete mhasibu wa Bujumbura, umri, shahada na uzoefu kama wa Neema, aliyefika ngazi ya 9 ya Kifaransa kwa mtihani wa TEF Canada au TCF Canada, na Kiingereza chake cha kuungaunga kikafika ngazi ya 5. Ana 94, 120, 124, nne za Kiingereza, 75 za miunganiko, na nyongeza ya 50 kwa kuwa amefika ngazi ya 7 au zaidi ya Kifaransa na ana Kiingereza kidogo. Jumla 467. Tena tangu 2023 serikali inaweza kuita kwa makundi, na wazungumzaji wa Kifaransa wana raundi zao. Februari 1, 2024 waliitwa 7,000, na alama ya chini ilikuwa 365. Wapo wa Bukavu, Goma na Bujumbura wanaojibanza kwenye IELTS huku Kifaransa cha shuleni kikilala bila kupimwa, na lugha isiyopimwa haina alama.

Kwa Neema 413 bado ni chache. Raundi za jumla za mapema 2024 zilikuwa zikikata juu ya 500. Zamani kidogo iliwahi kutokea kinyume: Februari 13, 2021, mipaka ikiwa imefungwa kwa korona, waliokuwa na uzoefu wa kazi ndani ya Kanada waliitwa hata wenye alama 75. Ofa ya kazi, iliyokuwa ikileta 50 au 200, ilifutiwa alama zake Machi 25, 2025, ingawa vikokotoo vya zamani bado vinaihesabu. Uteuzi wa jimbo ndio unaobeba 600 peke yake, lakini kila jimbo linachagua kwa mahitaji yake. Njia nyingine iliyobaki mikononi mwake ni kujifunza Kifaransa mpaka ngazi ya 7 katika stadi zote: 12 za lugha ya pili na 50 za nyongeza. Ikimchukua miaka miwili, atakuwa na 464 baada ya umri kukata chake, na ataruhusiwa kuingia kwenye raundi za Kifaransa.