Zawadi kwa Rafiki Aanzaye Kutembea

Rafiki yako akikuambia kwamba ameanza kutembea kila asubuhi ili apunguze uzito, usimpelekee mizani, wala gauni dogo ukisema, "Siku moja litakuenea." Zawadi ya namna hiyo humwambia kwamba umeutazama mwili wake ukauona una kasoro. Afadhali umnunulie viatu vya kutembelea.

Lakini viatu havikisiwi. Nendeni dukani pamoja, tena jioni, maana miguu huvimba kidogo kwa shughuli za mchana. Avae soksi zile atakazotembea nazo, asimame, kisha apite huku na huku. Mbele ya kidole kirefu pabaki nafasi ya upana wa kidole gumba, na kisigino kisipwaye. Kiatu kikibana mbele, kucha huwa nyeusi. Kikipwaya nyuma, malengelenge hutokea, naye huenda akaacha kutembea wiki ile ile.

Ndani ya kiatu tia kikaratasi: "Jumamosi saa 12 na nusu asubuhi nitakungojea njia panda." Njiani, mwendo uwe wa kuwaacha mzungumze bila kukatika pumzi. Mwezi ukiisha usimwulize, "Umepungua kilo ngapi?" Mwulize, "Leo tufike wapi?"