Amedisko Akiuguza: Jinsi Barua ya Rufaa Inavyosomwa

Matokeo yakitoka na jina likawa kwenye orodha ya walioondolewa masomoni, hosteli nzima husema kwa kifupi: amedisko. Siku chache baadaye barua ya rufaa inafika kwa Mkuu wa Idara. Ina kurasa tatu za “naomba kwa unyenyekevu mkubwa”, na karibu zote zinaeleza jinsi mama alivyoumwa. Barua za namna hii hukwama mara nyingi, hata wanapoisoma watu wenye huruma, kwa sababu hujibu swali ambalo kamati haikuuliza.

Kamati haigawi maksi za huruma. Alama zilizopatikana ukumbini hubaki zilivyo. Inachoweza kufanya, kanuni za chuo zikiruhusu, ni kukubali kwamba mwanafunzi hakuwa katika hali ya kufanya mtihani, kisha impe nafasi ya kurudia mwaka au kufanya mtihani maalumu. Ndiyo maana wajumbe hawahangaiki sana na ukubwa wa ugonjwa. Wanataka kujua kwa nini hukuomba kuahirisha masomo mapema, wakati utaratibu huo upo, na ni nini kimebadilika hata wakurudishe. Anayeumwa mwenyewe ana cheti cha daktari chenye jina lake. Anayeuguza ana vyeti vya mtu mwingine, kwa hiyo lazima aoneshe kwamba mzigo ulikuwa wake.

Tutunge mfano. Mwanafunzi wa mwaka wa pili Dodoma, mzaliwa wa kwanza, baba alishafariki. Mwaka wa kwanza alipata GPA ya 3.6 kati ya 5. Novemba mama yake, mkazi wa Sengerema, akagundulika figo zimefeli, akapewa rufaa kwenda Bugando, Mwanza. Huko akaanza kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, na kila mara inachukua kama saa nne kitandani. Wadogo wawili wapo sekondari. Kijana akawa mtu wa mabasi ya Dodoma na Mwanza, huku sehemu ya pesa ya kujikimu kutoka Bodi ya Mikopo ikiishia kwenye dawa na nauli. Mitihani ya Februari aliivuka kwa taabu. Ya Julai ikamwangusha.

Barua yake inayosomeka ni ya ukurasa mmoja, na kiini chake ni hiki:

“Kuanzia Novemba hadi Julai nilikuwa mtu mzima pekee wa kumhudumia mama (Kiambatisho A na B). Sikuomba kuahirisha masomo kwa sababu pesa ya kujikimu ingesimama, nayo ndiyo tuliyoitegemea. Nakiri kwamba nilipaswa kumwona mshauri wa wanafunzi mapema. Tangu Agosti mama mdogo amehamia nyumbani na ndiye anayempeleka hospitali (Kiambatisho C). Naomba niruhusiwe kurudia mwaka wa pili.”

Hiyo sentensi ya pesa ya kujikimu wengi huificha kwa aibu. Kwa maoni yangu ndiyo yenye nguvu kuliko zote, maana inaeleza ukimya wake kwa sababu ambayo mjumbe anaweza kuiamini. Kuandika “sikujua utaratibu” ni dhaifu, kwani kanuni hutolewa kwa kila anayesajiliwa.

Kiambatisho A ni kadi ya kliniki yenye tarehe za kusafishwa damu. Iambatane na ratiba ya mitihani, tarehe zinazogongana zipigiwe mstari, ili msomaji asilazimike kuzitafuta. B ni barua ya mtendaji wa kijiji inayothibitisha nani anaishi katika kaya ile. C ni maelezo mafupi ya mama mdogo, yenye saini na namba ya simu. Matokeo ya mwaka wa kwanza nayo yawekwe, kwa sababu kushuka ghafla kutoka 3.6 kunatetea zaidi ya machozi. Aliyekuwa anafeli tangu kabla ya ugonjwa ana kazi ngumu hapo, na ni heri alitaje mwenyewe kabla kamati haijaliona.

Kuna wanaonunua barua ya hospitali mtaani. Chuo kikiuliza hospitali na namba ya faili ikakosekana, rufaa inageuka kesi ya kughushi.

Haki ya kusikilizwa na kukata rufaa ipo hata katika Katiba ya Tanzania, ibara ya 13(6)(a), lakini kanuni za chuo huweka muda wa kuitumia. Muda huo uhesabiwe tangu siku matokeo yanapotangazwa, hata kama mwanafunzi yuko wodini Mwanza. Kabla ya kuomba kurudia mwaka, amuulize ofisa mikopo wa chuo nani atalipia mwaka huo, maana jibu linaweza kubadilisha ombi lenyewe. Barua ipitie kwa Mkuu wa Idara, na nakala ya mwanafunzi igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe.