Herufi moja inayozaa selimundu

Swali la mtihani huja hivi: uzi kiolezo wa DNA, ukisomwa kutoka ncha ya 3 kwenda ncha ya 5, ni TAC CAC GTG GAC TGA GGA CTC. Taja mpangilio wa asidi amino. Herufi hizi si za kubuni. Ndizo zinazoanzisha jeni ya beta globini, sehemu ya himoglobini inayobeba oksijeni kwenye damu.

Hatua ya kwanza, unukuzi, hufanyika ndani ya kiini cha seli. Kimeng'enya husoma uzi huo na kuunda RNA mjumbe: penye A huweka U, penye T huweka A, penye G huweka C, na penye C huweka G. Kwa hiyo tunapata AUG GUG CAC CUG ACU CCU GAG.

RNA hiyo hutoka hadi kwenye ribosomu, na hapo ndipo tafsiri huanza. Ribosomu husoma herufi tatu tatu, na kila kundi, yaani kodoni, huita asidi amino yake. AUG huanzisha kazi kwa kuleta methionini. Zinafuata valini, histidini, lusini, threonini, prolini na asidi glutamiki. Methionini ya mwanzo huondolewa baadaye, ndiyo maana asidi glutamiki huhesabiwa ya 6 katika mnyororo wenye asidi amino 146.

Wanafunzi wengi hukosea kwa kutoangalia wamepewa uzi gani. Ukipewa ule wa pili, unaoanza na ATG, usiulinganishe herufi kwa herufi. Badilisha T kuwa U tu. Ukiulinganisha, RNA yako itaanza na UAC badala ya AUG, na hapo ujue umepotea. Kosa jingine ni kutafuta herufi za RNA hamishi kwenye jedwali la kodoni, ilhali jedwali hilo husomwa kwa herufi za RNA mjumbe.

Sasa badilisha herufi moja: CTC ya mwisho iwe CAC. RNA itasomeka GUG, na nafasi ya 6 itashikwa na valini. Asidi glutamiki hupatana na maji, lakini valini huyakwepa. Oksijeni inapopungua, himoglobini za namna hii hushikamana na kuwa nyuzi ndefu, na chembe nyekundu hupinda kama mundu. Mtoto aliyerithi jeni hii kwa baba na kwa mama huugua selimundu.

Lakini CTC hiyo hiyo ikigeuka CTT, RNA husomeka GAA, ambayo nayo ni kodoni ya asidi glutamiki. Protini haibadiliki hata kidogo. Kwa hiyo anayeulizwa madhara ya badiliko la DNA asijibu kwa kutazama herufi iliyobadilika pekee. Aifuate mpaka kwenye asidi amino ndipo aseme.