Iwapo Zangara Asingekosa: Namna ya Kusoma Riwaya za Historia Mbadala

Riwaya ya historia mbadala hulichukua tukio moja lililotokea kweli, ikaligeuza, kisha ikafuatilia yale ambayo yangefuata. Kabla ya tukio hilo, dunia ya riwaya ni hii hii tunayoisoma katika vitabu vya historia. Baada yake, kila kitu kilichobadilika lazima kiwe na sababu, na sababu hiyo iweze kurudishwa nyuma hatua kwa hatua hadi kwenye ile njia panda. Kwa hiyo si kila riwaya yenye dunia ngeni huingia katika kundi hili. 1984 ya George Orwell ilitoka mwaka 1949 ikizungumzia mwaka ambao ulikuwa bado haujafika. Ule ulikuwa utabiri, si historia iliyopinduliwa.

Riwaya inayofaa kuanza nayo ni The Man in the High Castle ya Mmarekani Philip K. Dick, iliyochapishwa mwaka 1962. Njia panda yake ni jaribio la mauaji lililotokea kweli. Jioni ya tarehe 15 Februari 1933, Franklin Roosevelt alikuwa katika bustani ya Bayfront mjini Miami. Alikuwa ameshachaguliwa kuwa rais wa Marekani, lakini alikuwa bado hajaapishwa. Kiapo kilikuwa tarehe 4 Machi. Giuseppe Zangara, fundi wa kujenga kwa matofali aliyehamia Marekani kutoka Italia, alikuwa mfupi kiasi kwamba ilimbidi apande juu ya kiti ili aone juu ya vichwa vya watu. Akafyatua risasi tano. Watu watano walijeruhiwa, Roosevelt hakuguswa. Meya wa Chicago, Anton Cermak, alipigwa risasi na akafariki tarehe 6 Machi. Wiki mbili baadaye Zangara aliuawa kwa kiti cha umeme.

Katika dunia ya Dick, Zangara hakukosa. Ubora wa chaguo hili uko katika udogo wake. Mwandishi hakuhitaji kuipa Ujerumani silaha ya ajabu wala kumbadilisha mtu yeyote tabia; imetosha risasi kupita sentimita chache pembeni. Hata hivyo aliyekufa ni mtu ambaye kukosekana kwake kungeonekana. Njia panda nzuri ina sifa hizo mbili kwa pamoja: ingeweza kabisa kutokea, na ina uzito.

Kutoka hapo mnyororo unaendelea. Urais unamwangukia John Garner, makamu wa Roosevelt, ambaye ni dhaifu. Baada yake anakuja John Bricker. Marekani haijinasui kutoka katika mdororo wa uchumi wala haijiandai kwa vita. Urusi inaanguka mwaka 1941, mashambulizi ya Wajapani katika Pearl Harbor yanaiacha Marekani bila manowari za kujilinda katika Pasifiki, na mwaka 1947 inasalimu amri. Riwaya inapofunguka, mwaka 1962, pwani ya magharibi iko chini ya Wajapani, mashariki kuna Wajerumani, na katikati kuna majimbo ya milimani yaliyobaki kama uzio kati yao. Bara la Afrika linatajwa kwa maneno machache tu ya kutisha: Wanazi wamelimaliza kwa mauaji ya halaiki.

Msomaji makini huupima mnyororo huu pingu kwa pingu. Pingu ya kwanza ni imara: rais dhaifu wakati wa mdororo angeweza kweli kuchelewesha maandalizi ya vita. Ya mwisho imelegea. Hata Marekani yenye uchumi mbovu ilikuwa na viwanda, mafuta na bahari mbili za kuikinga, na Ujerumani haikuwa na meli za kutosha hata kuvuka mlango mwembamba wa bahari na kuivamia Uingereza mwaka 1940. Dick alihitaji Marekani iliyotawaliwa, akaruka hatua kadhaa ili aifikie. Ni kasoro ya hoja, ingawa haiiui riwaya. Dalili ya pingu iliyolegea ni hiyo: matokeo makubwa yanatajwa kwa sentensi moja huku njia ya kuyafikia ikiachwa gizani.

Jambo linalowachanganya wasomaji wengi ni kwamba Dick haelezi haya yote mwanzoni. Wahusika wake wamezaliwa au wamekulia katika dunia hiyo, na hakuna mtu anayemsimulia jirani yake mambo ambayo wote wanayajua. Habari zinadondoka katika mazungumzo. Mahali pamoja mwenye kiwanda anamwonyesha mwanamke viberiti viwili vya chuma vinavyofanana, na kumwambia kwamba kimoja kilikuwa mfukoni mwa Roosevelt siku alipouawa. Hapo ndipo wanapoanza kumzungumzia rais huyo, na msomaji anaipata njia panda. Mwanamke huyo anagusia mambo aliyoyafanya Roosevelt katika mwaka mmoja wa urais wake. Lakini Februari 1933 Roosevelt hakuwa amekalia kiti hicho hata siku moja. Ama Dick aliteleza, ama katika dunia yake Zangara alisubiri, riwaya haisemi. Atakayesoma habari za Miami kwanza ataiona tofauti hiyo, na asiyezisoma ataipita.

Baada ya kupima mnyororo, inafaa kuangalia matokeo yalivyoshuka hadi kwa mtu wa kawaida, maana hapo Dick ni hodari kuliko katika mambo ya majeshi. Robert Childan ni Mmarekani mwenye duka mjini San Francisco. Anawauzia Wajapani matajiri vitu vya kale vya Kimarekani: bastola za zamani, mabango, vitabu vya katuni. Anainama anapowasalimu, anahesabu nani ana cheo gani, na hata Kiingereza chake kimeanza kukatwakatwa kama cha mabwana zake. Anawaonea fahari na kuwachukia kwa wakati mmoja. Mtu yeyote aliyesoma habari za makarani wa zama za ukoloni atamtambua Childan mara moja, ila safari hii aliyetawaliwa ni Mzungu wa Marekani.

Ndani ya riwaya hiyo kuna riwaya nyingine, iliyopigwa marufuku na Wajerumani, ambamo Roosevelt alinusurika na Ujerumani ikashindwa. Msomaji hudhani ameiona dunia yetu. Siyo. Humo Roosevelt anaachia madaraka mwaka 1940, rais anayemfuata anaziondoa meli Pearl Harbor mapema, na baada ya vita Uingereza ndiyo inayokuwa dola lenye nguvu. Dick anaonyesha kwamba kuirudisha risasi pale ilipokuwa hakutoshi kuirudisha historia yote.

Si waandishi wote wanaochagua bahati kama njia panda. Katika Everfair ya mwaka 2016, Nisi Shawl anachagua uamuzi: wasoshalisti wa Kiingereza wanaungana na wamisionari Weusi kutoka Marekani, wananunua ardhi ya Kongo kutoka kwa Mfalme Leopold wa Ubelgiji, na kuanzisha nchi ya hifadhi kwa waliokimbia ukatili wa mpira. Shawl anaongeza pia vyombo vya mvuke ambavyo havikuwapo, kwa hiyo mnyororo wake hauwezi kupimwa kwa ukali ule ule. Swali lake zito liko kwingine: ardhi hiyo ina mfalme wake mwenyewe, Mwenda, na hakuna aliyemwuliza kabla ya kuinunua.

Kwa anayeanza, Dick atangulie kabla ya Shawl, na habari za Zangara zisomwe kabla ya Dick.